Mzigo wako umesafiri kwa saa ngapi hasa? Namna ya kupiga hesabu ya skani zenye saa za kila kituo

Karibuni tena. Leo nataka tufungue ukurasa wa kufuatilia mzigo, ule tunaouangalia mara kumi kwa siku tukisubiri kitu kifike, tupige hesabu ambayo ukurasa wenyewe haukupigii. Mzigo huu ni sensa ya injini ya gari. Ilitumwa kutoka London, ikapitia Leipzig kule Ujerumani, kisha Dubai, ikaishia Dar es Salaam. Kila skani hapa imepigwa muhuri wa saa ya pale mzigo ulipokuwa. Skani ya Leipzig ina saa ya Leipzig na skani ya Dubai ina saa ya Dubai, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine hivihivi utapata jibu la uongo.

Chukua karatasi. Nakili kila skani na tarehe yake, na jina la mji. Usiandike nchi peke yake, kwa sababu nchi moja inaweza kuwa na saa mbili: mzigo ukiwa Kongo, Kinshasa na Lubumbashi hazina saa moja. Andika kwa mtindo wa saa 24 kama skrini inavyoonyesha. Hii naisisitiza kwa sababu sisi tukiona 07:40 tunasoma saa moja na dakika arobaini, halafu mkono unaandika 1:40, na hapo hesabu nzima imekwenda na maji.

Orodha yetu ni hii, yote ni mwaka 2026:

London, umechukuliwa, Ijumaa 27 Machi, 17:30
London, umeondoka, 27 Machi, 22:50
Leipzig, umefika, Jumamosi 28 Machi, 01:35
Leipzig, umeondoka, Jumapili 29 Machi, 04:20
Dubai, umefika, 29 Machi, 12:30
Dubai, umeondoka, Jumatatu 30 Machi, 03:10
Dar es Salaam, umefika, 30 Machi, 07:40
Dar es Salaam, umekabidhiwa, Jumatano 1 Aprili, 14:30

Juu ya hii ya kwanza kulikuwa na mstari unaosema taarifa za mzigo zimepokelewa. Nimeuacha. Hapo mtumaji alikuwa amechapisha lebo tu, boksi bado liko mezani kwake. Safari inaanza pale mtu wa kampuni alipolichukua na kuliskani.

Sasa tunazileta saa zote nyumbani. Wengi watakwambia ubadilishe kwenda UTC, ile saa ya kimataifa ambayo saa za miji yote hupimwa kwayo, na si kosa. Mimi nabadilisha kwenda saa za Afrika Mashariki, kwa sababu sisi hatusogezi saa mbele wala nyuma mwaka mzima, na jibu nalisoma bila kufikiri mara mbili. Dubai iko mbele yetu kwa saa 1, basi natoa 1. London wakati wa baridi iko nyuma kwa saa 3, naongeza 3. Leipzig wakati wa baridi iko nyuma kwa saa 2, naongeza 2.

Lakini ngoja. Angalia tarehe za Leipzig. Mzigo umeingia Jumamosi, umetoka Jumapili alfajiri. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwaka huu hiyo ni tarehe 29. Usiku ule wa kuamkia Jumapili, saa za Ujerumani ziliruka kutoka 02:00 hadi 03:00, mzigo wetu ukiwa umelala ghalani. Kwa hiyo Leipzig hii moja ina tofauti mbili: skani ya kuingia naongeza 2, skani ya kutoka naongeza 1.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Mtu anatafuta kwenye simu "saa ngapi sasa London", anaona tofauti ya saa 2, anaitumia kwa skani ya Ijumaa. Ile Ijumaa tofauti ilikuwa 3. Unachohitaji ni tofauti ya siku ya skani, si ya leo unapopiga hesabu.

Tubadilishe. London kuchukuliwa inakuwa 20:30 Ijumaa. Kuondoka kunavuka usiku wa manane na kuwa 01:50 Jumamosi, kwa hiyo badilisha na tarehe. Leipzig kufika 03:35, kuondoka 05:20 Jumapili. Dubai kufika 11:30, kuondoka 02:10 Jumatatu. Za Dar zinabaki zilivyo.

Sasa ndiyo unatoa. Kuanzia 20:30 ya Ijumaa hadi 14:30 ya Jumatano ni siku 4 na saa 18, yaani saa 114. Kwa mihuri ilivyo ungepata siku 4 na saa 21.

Ukiwa na laptopu, weka tarehe na saa kwenye B2, tofauti ya mji huo na UTC kwenye C2, kisha:

```
=B2+(3-C2)/24
```

Ile 3 ni sisi. Unapotoa safu moja kwa nyingine, seli ya jibu ipe muundo wa `[h]:mm`, pamoja na mabano yake. Bila mabano, saa 25 na dakika 45 za Leipzig zitaonekana kama 1:45, nawe utadhani mzigo haukulala.

Usifunge karatasi bado. Pima vipande vya ndege. London hadi Leipzig tumepata saa 1 na dakika 45, Leipzig hadi Dubai saa 6 na dakika 10, Dubai hadi Dar saa 5 na dakika 30. Hivyo ndivyo ndege hukaa angani kwenye njia hizo, kwa hiyo mihuri yetu kweli ni ya saa za vituo. Zipo kurasa ambazo zimeshabadilisha saa zote kwenda saa yako bila kukuambia. Ukizibadilisha tena, London hadi Leipzig itatoka dakika 45 na Leipzig hadi Dubai saa 4 na dakika 10. Ndege ya mizigo haina mbio hizo. Ukiona hivyo, rudi kwenye mihuri uitumie ilivyo.

Dakika nazo usizishikilie sana. "Umefika" mara nyingi ni pale boksi lilipopita chini ya mashine baada ya kontena kufunguliwa. Ndege inaweza kuwa imetua muda kabla. Ndiyo maana mimi nasoma kwa nusu saa nusu saa.

Sasa angalia saa 114 zimekwenda wapi. Ndege zote tatu zimechukua saa 13 na dakika 25. Leipzig saa 25 na dakika 45, na kwa mihuri mitupu ungewaongezea saa ambayo haikuwahi kuwepo. Dubai saa 14 na dakika 40. Kisha Dar, kutoka kufika hadi kukabidhiwa, saa 54 na dakika 50, karibu nusu ya safari yote, na katikati hakuna skani hata moja. Kwa hiyo ukipiga simu huduma kwa wateja usiulize kwa nini Ulaya wamechelewesha. Waambie mzigo umefika Dar Jumatatu saa moja na dakika arobaini asubuhi, halafu uulize karatasi za forodha ziliingizwa lini na nani alikuwa anasubiri nini.