Kamera ya geti: jua la asubuhi, mvua ya ziwani, na ukingo wa bati

Karibuni, wa nyuma sogeeni mbele kidogo, manake nitachora na chaki hapa na mistari yenyewe ni midogo. Leo sitazungumzia bei wala kampuni za kamera, nataka tuchukue geti moja tu, la nyumba moja Entebbe niliyoifunga kamera mwenyewe, tulione mpaka mwisho.

Geti liko mashariki, barabara iko nje yake, nyumba iko magharibi kama mita 12 ndani. Mimi nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya, nikapiga kamera kwenye ukuta wa nyumba ikatazama geti moja kwa moja. Ilikuwa zile za kioo cha bakuli, nikaiweka chini ya paa kama mita moja hivi kwa sababu ngazi ilifika hapo. Saa nane mchana picha ilikuwa safi sana, mzee mwenye nyumba akafurahi, nikaondoka. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi akanipigia, watu wanaingia kwa geti wote weusi kama vivuli, hata kibarua wake wa kila siku hamtambui.

Sasa sikilizeni, sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta, Entebbe ni kama kilomita chache tu juu ya ule mstari. Ushauri mwingi wa kamera umeandikwa na watu wa nchi za mbali kaskazini ambako jua linakaa upande wa kusini mwaka mzima, wanasema elekeza kamera kaskazini basi umemaliza. Kwetu jua linachomoza mashariki karibu wima, linapanda digrii 15 hivi kila saa, adhuhuri liko utosini, halafu linazama magharibi. Kwa hiyo mchana halitusumbui sana, shida yetu ni yale masaa mawili ya asubuhi na mawili ya jioni, na ndiyo hayo hayo watu wanatoka na kurudi.

Wengine wataniambia washa WDR kwenye menyu, ile ya kusawazisha penye mwanga mkali na penye giza. WDR inasaidia geti likifunguliwa na nje kukawa na mwanga mkali kuliko ndani, hapo iwashe. Lakini jua likipiga kioo chenyewe, mwanga unatawanyika ndani ya lenzi na kwenye vumbi la juu yake, picha yote inakuwa na ukungu mweupe kabla hata haijafika kwenye kompyuta ya kamera, na ukungu huo hakuna menyu ya kuutoa.

Halafu ikaja mvua ya usiku yenye upepo wa ziwani. Kamera iliandikwa IP67, mzee akasema si ulisema haiingii maji? Na kweli haikuingia hata tone. IP67 inakuambia vumbi na maji havifiki ndani, haikuambii kitu juu ya matone yanayokaa nje ya kioo, na kile kioo cha bakuli matone yanaking'ang'ania, taa za infraredi zikiwaka usiku kila tone linang'aa kama balbu, geti hulioni kabisa.

Hapa ndipo nikagundua kwamba jua na mvua ni hesabu moja. Angalieni mchoro. Bati limetokeza sentimita 60 nje ya ukuta, kamera yenyewe inatokeza 15, kwa hiyo kutoka lenzi mpaka ukingo wa bati zimebaki 45. Kama lenzi iko mita moja chini ya bati, mvua ikilala kidogo tu, digrii 24 hivi kutoka wima, imeshafika kwenye kioo, na upepo wetu unalaza mvua kuliko hapo bila taabu. Na jua? Kama kamera haina kofia, jua linaendelea kuigusa mpaka karibu saa tano. Sasa pandisha hiyo hiyo kamera iwe sentimita 20 chini ya bati. Mvua lazima ilale digrii 66 ndiyo ifike, na jua likishapanda digrii 24 bati linalikata, yaani kama saa moja na nusu baada ya kuchomoza basi. Kamera ni ile ile, ukuta ule ule, umebadilisha sentimita 80 tu.

Kupima huna haja ya mashine. Shika kamba kutoka pale lenzi itakapokaa mpaka ukingo wa bati, kamba hiyo ndiyo mpaka, kilicho juu yake bati linakizuia. Ngumi yako ukinyoosha mkono mbele ni kama digrii 10, jicho likiwa pale lenzi itakapokaa hesabu ngumi kutoka usawa wa macho mpaka ukingo, zikiwa mbili na nusu uko vizuri. Lakini usibandike kamera mpaka igusane na bati, manake usiku infraredi inapiga bati na kurudi, picha inakuwa na ukungu. Ukiona hivyo teremsha vidole viwili vitatu uangalie tena gizani.

Ila bati haliondoi ile saa moja na nusu ya kwanza, na hiyo ndiyo mzee aliitaka zaidi. Ikabidi kamera ihame. Kibanda cha askari kiko ndani, mita 5 kaskazini ya geti na kama mita mbili na kitu kutoka ukuta wa barabara. Nikaacha ya bakuli, nikafunga ya bomba yenye kofia, ukuta wa kusini wa kibanda, mita 2.6 juu, ikatazama kusini mashariki. Ilikuwa Julai. Picha nzuri asubuhi na jioni, nikasema nimemaliza.

Disemba simu ikaja tena! Jua halichomozi sehemu moja mwaka mzima jamani, Juni liko digrii 23 hivi kaskazini ya mashariki, Disemba digrii 23 kusini yake, na lenzi yangu ilikuwa ya milimita 2.8, pana sana, kwa hiyo jua la Disemba likaingia ndani ya picha lenyewe. Ukifunga kamera mwezi wowote, simama pale unyooshe mkono mashariki, halafu ngumi mbili na kidogo kushoto na ngumi mbili na kidogo kulia, eneo lote hilo ni la jua, ya jioni ni hivyo hivyo magharibi.

Nikaweka lenzi ya milimita 6, inayoona eneo jembamba zaidi, nikaizungusha karibu na kusini kabisa, nikaiinamisha mpaka ukingo wa juu wa picha ukakaa chini kidogo ya usawa wa kamera. Jua haliwezi tena kuwa ndani ya picha, na geti lote linaonekana, la mita 3.6. Anayepita anaonekana kwa ubavu kidogo, ni kweli, lakini mgeni lazima ageuke kwa askari kuandika kitabu, na hapo uso unakuja wote.

Dada hapa mbele anauliza kofia isogezwe kiasi gani. Isogeze mbele mpaka kona yake ionekane juu ya picha, halafu irudishe taratibu mpaka ipotee, ukaze skrubu. Na waya, uache ushuke chini kwanza kama tumbo la kamba kabla ya kupanda kuingia kwenye kiboksi, maji yadondokee pale chini. Kioo kikishika vumbi jekundu mwagia maji kwanza ndiyo ufute, ukifuta kikavu unakikwaruza, na mkwaruzo huo ndio jua la asubuhi litakaoukamata kila siku.