Kila mwezi niweke ngapi?
(Mhadhara uliotolewa kwa wanachama wa vikundi vya akiba, Moshi)

Shikamooni wazee, habari zenu ndugu zangu.

Tumchukue mama anayetaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha kule Pasua. Fundi amemwambia milioni 20, na mama anataka kuanza ujenzi baada ya miaka 5. Anategemea faida ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi, na faida hiyo haitoi, anaiacha humo humo izae.

Kwanza tujiulize: shilingi moja ikiwekwa kila mwisho wa mwezi kwa miezi 60, itafika ngapi? Zidisha 1.01 kwa yenyewe mara 60, upate 1.8167. Toa 1, kisha gawa kwa 0.01. Jibu ni 81.67. Sasa gawa milioni 20 kwa 81.67: mama aweke karibu 244,900 kila mwezi. Mwenye kompyuta aandike hivi kwenye Excel:

```
=PMT(0.01,60,0,-20000000)
```

Watu wengi hubishana hapo kwenye faida: je, itakuwa 12 kweli? Swali ni la haki, basi tuishushe hadi 8. Kiwango cha mwezi kinapanda hadi kama 272,200, ongezeko la shilingi 27,300. Si kubwa sana, kwa sababu fedha ya miaka ya mwisho haipati muda wa kuzaa. Kwa miaka 15 mambo hubadilika: kwa faida ya 12 angeweka kama 40,000 tu, kwa faida ya 8 karibu 57,800. Huko ndiko makadirio ya faida yanakouma.

Kwa mama yetu, hatari iko kwenye ile milioni 20. Hiyo ni bei ya leo ya saruji, nondo na bati. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, baada ya miaka 5 kazi ileile itadai kama milioni 24.33. Gawa kwa 81.67: karibu 298,000 kwa mwezi. Ongezeko ni 53,000, karibu mara mbili ya lile lililoletwa na faida kushuka. Naomba sana mlishike hili, maana nimeona misingi mingi iliyoota majani ilhali mwenyewe hakukosa kuweka hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo kila mwaka mama arudi kwa fundi aulize bei upya. Mwaka wa kwanza ukiisha imebaki miezi 48: salio alilonalo alizidishe kwa 1.61, alitoe kwenye lengo jipya, na kinachobaki akigawe kwa 61.22. Hicho ndicho kiwango chake cha mwezi kwa mwaka unaoanza.