Ukurasa mmoja unabeba nini: hesabu ya duka la kuchapa na kutoa kopi

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunikaribisha. Wengi mmekuja kuuliza mnunue mashine gani. Niruhusuni nianzie kwenye ukurasa mmoja wa A4, kwa sababu ndio bidhaa yetu, na asiyejua ukurasa wake unamgharimu nini hawezi kuchagua mashine.

Sitataja fedha ya nchi yoyote. Tuseme bei unayomtoza mteja kwa ukurasa mmoja mweusi ni sehemu 100. Karatasi tuiweke sehemu 20. Sasa tona, ule unga wa wino unaokaa ndani ya katriji. Katriji ina thamani ya kurasa 200 ulizouza, na boksi lake linasema itatoa kurasa 2,000. Haraka haraka unasema tona ni sehemu 10. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Namba ile ya kwenye boksi hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu, yaani kama barua fupi. Ukurasa uliojaa maandishi, wenye nembo na jedwali, unafika asilimia 8 bila shida. Katriji ileile itakupa kurasa 1,250, na tona inapanda hadi sehemu 16. Ongeza sehemu 8 za drumu, fyuza na rola, vipuri vya ndani ya mashine ambavyo vitachakaa hata kama leo vinang'aa. Tumefika 44. Weka 2 za karatasi zinazoharibika, zinabaki 54.

Hizo 54 ndizo zinazolipa pango, umeme na mshahara. Kama gharama hizo kwa mwezi ni sawa na bei ya kurasa 4,000, unahitaji kuuza kama 7,400 ili tu usipate hasara. Kwa siku 26 za kazi ni kurasa 285 kila siku. Ukiuza 10,000 kwa mwezi, na mashine uliinunua kwa thamani ya kurasa 30,000, itajilipa kwa takribani miezi 21. Kwa hiyo mashine iliyotumika haipimwi kwa bei peke yake. Mwambie muuzaji achape mbele yako ripoti ya kaunta, yaani hesabu ya kurasa ambazo mashine imekwisha kutoa, kisha uliza drumu na fyuza zilibadilishwa lini. Urahisi wa bei unaweza kuisha kwenye matengenezo ya kwanza.

Nije kwenye simu, maana hapa pananigusa. Ni kweli simu imetunyang'anya kopi nyingi. Mwanafunzi aliyekuwa akitoa kopi ya madaftari ya mwenzake leo anapiga picha na kuondoka. Lakini simu hiyohiyo inatuletea kazi, na kazi yenyewe ina mtego. Mteja anakutumia picha ya cheti aliyoipiga mezani. Kwenye kioo unaona karatasi nyeupe. Ichape uone: ile nyeupe imetoka kijivu ukurasa mzima, na kona moja ina kivuli cha mkono wake. Kijivu hicho ni vitone vya tona, na kinaweza kufunika asilimia 40. Kwa kiwango hicho katriji inatoa kurasa 250. Tona peke yake ni sehemu 80, karatasi 20. Mia yote imekwisha kabla hujalipa umeme.

Mimi nilifanya kazi hiyo kwa miezi nikijiuliza kwa nini katriji zinaisha upesi wakati daftari halionyeshi mauzo. Dawa yake ni dakika moja tu: kata kingo za picha, ongeza mwangaza na utofauti wa rangi mpaka mandharinyuma iwe nyeupe kabisa, ndipo uchape. Mteja naye anapata nakala inayosomeka. Kazi hiyo ya kusafisha itoze bei yake, kwa sababu ni utaalamu. Na kwa kopi ya kawaida, funika kifuniko cha mashine. Ukikiacha wazi, pembezoni mwa kitambulisho panatoka peusi tii.

Kuhusu upotevu, soma kaunta jioni. Siku moja yangu ilisema 412, daftari likasema 371. Tofauti ni 41, karibu moja katika kila kumi, wakati mimi nilikuwa nimepanga chini ya tano kwa mia. Nikamwaga kapu sakafuni na kuzipanga karatasi kwa makosa yake. Nyingi zilikuwa zimejikunja: rimu ilikuwa imefunguliwa siku nyingi na karatasi zimenyonya unyevu. Nyingine zilikuwa kurasa za mwisho zisizo na kitu, kwa sababu hatukutazama faili kabla ya kuchapa. Zilizokwama palepale kwenye trei zilinionyesha rola iliyochakaa. Baadhi ya mashine hazihesabu karatasi iliyokwama ndani, kwa hiyo hesabu na kapu lenyewe.

Tangu siku hiyo rimu inabaki kwenye ganda lake mpaka trei iwe tupu, na kapu halimwagwi kabla sijalipekua.