Ukisimama zebra, simama kweli

Wazee wangu shikamooni, vijana wenzangu mambo vipi. Nashukuru sana kualikwa kwenye kijiwe chenu, nasikia hapa kuna madereva wa daladala, kuna wa bajaji, na hizi pikipiki nilizozipita hapo mlangoni mmezipanga kama nane hivi, nimezihesabu kwa fimbo.

Mimi sioni kabisa, ni mwaka wa kumi na tisa huu, na barabara hii mnayoendesha nyie na mimi naivuka kila siku kwenda kazini, peke yangu. Nasema peke yangu manake kuna mtu huko nje alinipokea akaniuliza mbona huna wa kukushika mkono, na kila siku naulizwa hivyo. Kutembea mwenyewe ni haki, ipo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ibara ya 20, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kwa hiyo leo siji kuomba huruma, nakuja kuongelea kitu kimoja tu, zile sekunde chache mimi nikiwa katikati ya barabara na wewe umeshika usukani.

Tuanze na hii fimbo, nitaipitisha muishike. Ni ndefu, ikisimama inanifika kifuani, na urefu huo una sababu. Mwaka 1944 huko Marekani, kwenye hospitali ya jeshi ya Valley Forge, kulikua na askari waliopofuka vitani, na mtu mmoja anaitwa Richard Hoover akaona vile vifimbo vifupi haviwasaidii, akatengeneza fimbo ndefu na namna ya kuitumia. Ndio hii tunayotumia mpaka leo: ncha inaenda kushoto na kulia, upana unazidi mabega kidogo, mguu wa kulia ukipiga hatua ncha iko kushoto, ukija wa kushoto ncha iko kulia. Yaani fimbo inakagua pale ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Inanipa taarifa ya hatua moja mbele, basi. Shimo, mtaro, jiwe, tairi, hivyo naletewa. Gari linalokuja halimo, fimbo haina habari nalo.

Alafu rangi. Weupe wa fimbo mimi haunisaidii chochote, hata ingekua ya kijani kwangu ni sawa. Weupe ni wenu. Mwaka 1921 mpiga picha mmoja wa Bristol, Uingereza, James Biggs, alipofuka kwa ajali na magari yalikua yanaongezeka mtaani kwake, akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamuone. Na 1930 kwenye mji wa Peoria kule Illinois, bwana mmoja wa klabu ya Lions, George Bonham, alimuona asiyeona anahangaika kuvuka na fimbo nyeusi, na ile fimbo nyeusi juu ya lami haionekani, wakaanza kugawa nyeupe zenye mkanda mwekundu, na mwezi Desemba mwaka huohuo mji ukapitisha sheria ya kuwalinda wanaozibeba. Kwa hiyo urefu wa fimbo unasema na mimi, rangi inasema na wewe dereva. Ukiiona umeshaambiwa kitu: huyu hajakuona, wala kukukonyeza hawezi.

Sasa twende barabarani. Chukulia barabara kubwa, njia mbili kwenda njia mbili kurudi, katikati kuna kisiwa, na zebra ipo. Nafika ukingoni, fimbo inaniambia hapa ukingo unashuka, nasimama hatua moja nyuma nasikiliza. Nasikiliza nini? Magari yanayopita yana mlio unaokuja, unafika, unaondoka. Nangoja nafasi ya ukimya, au nasikia gari limepunguza, likasimama, injini inaunguruma palepale. Hapo nainyoosha fimbo mbele, naiacha sekunde mbili tatu ili muione, ndio nashuka.

Ebu tumchukue dereva mzuri kabisa, wa daladala, njia ya kushoto, kaniona kasimama. Mungu ambariki. Ila hapa ndipo watu wengi hawajui kinachotokea. Ile injini yake inayounguruma mbele yangu inafunika kila kitu kilichopo nyuma yake. Mimi sasa hivi nasikia daladala tu. Na huko nyuma kuna kijana wa bodaboda yuko spidi 50, ambayo ndio mwisho wa spidi inayoruhusiwa mjini, hajavunja sheria bado, anaona daladala limesimama anadhani linashusha abiria, anachomekea kulia kwake.

Tupige hesabu taratibu. Njia moja ina upana kama mita tatu na nusu, na mimi na fimbo natembea karibu mita moja kwa sekunde, kwa hiyo kulipita daladala mpaka nitokeze upande wa pili ni sekunde nne hivi. Spidi 50 ni kama mita 14 kwa sekunde. Zidisha mara nne, mita 56. Maana yake wakati nashuka ukingoni huyo kijana alikua zaidi ya mita 50 nyuma, hakuwepo kabisa kwenye masikio yangu, na mimi sikuwepo kwenye macho yake manake daladala limenificha. Ananiona lini? Kama daladala limesimama pua juu ya mstari kabisa, ananiona nikitokeza tu, labda zimebaki mita 10. Na kuona tu na kufikia breki kunakula sekunde moja, hizo ni mita 14 zimeshaondoka kabla hata breki haijagusa. Kusimama kabisa kutoka spidi 50 kwenye lami kavu ni kama mita 28 jumla, mvua ikinyesha zaidi. Mita 10 hazitoshi, hata awe fundi wa pikipiki namna gani.

Sasa hesabu hiyohiyo, badilisha vitu viwili. Daladala lisimame mita tatu kabla ya mstari, sio juu yake. Hapo pembeni pamefunguka, anayekuja njia ya pili ananiona mapema, ikiwezekana nikiwa bado mbele ya daladala. Na yule wa pikipiki akiona gari limesimama kabla ya zebra ashuke mpaka 30, kwa spidi hiyo anahitaji kama mita 13 tu kusimama. Ndio maana Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri barabarani umeandika kabisa kwamba gari likiwa limesimama mbele ya kivuko, usilipite isipokua kwa mwendo ambao utaweza kusimama papo hapo. Na Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inakutaka umpishe aliye kwenye kivuko, haisemi mpishe ukiwa na nafasi. Gari lililosimama zebra chukulia kuna mtu mbele yake, hata kama hujamuona, hasa kama hujamuona.

Na nyie wa mbele mliosimama, kusimama kwenyewe kuna namna yake. Wengine wanasimama alafu wanakanyaga moto kidogokidogo, gari linasogea nusu mita, nusu mita. Mimi mlio ukipanda najua linaondoka, narudi nyuma, anakasirika ananiambia si nimekupisha. Weka gari fri, vuta hendibreki, liache lingurume chini. Usiniwashie taa, sizioni. Usinipungie mkono. Na honi, jamani honi. Nyie honi kwenu ni pita, au nipo hapa, au asante, ina maana kumi. Kwangu mimi niliyepo katikati ya barabara ina maana moja, hatari, na sijui inatokea upande gani wala inamhusu nani. Mwaka juzi niko katikati, mtu kwa nia njema kabisa kanipigia honi mbili, maana yake kumbe nenda baba, mimi nikaganda palepale nikageuka kufuata mlio, na nilipogeuka nikapoteza mwelekeo. Niliokuja kuwasikia ni wa nyuma yake wanapita pande zote mbili. Tangu siku ile nikisikia honi magoti yananiisha nguvu. Kama unaona chombo kinakuja na mimi natembea, sema neno moja, "Simama!" Usiseme "angalia", niangalie nini.

Angalia wewe kwenye kioo kwa niaba yangu, washa hazadi ili wa nyuma wajiulize, na usiondoke nikishapita bampa yako, subiri nifike kisiwani. Ukiondoka mapema unawafungulia njia waliokua wamezuiwa na wewe.

Kuna la pikipiki za umeme, naona zinaongezeka, na mimi siyapingi maendeleo, ila ile haina mlio, nikiisikia ni tairi tu na imeshafika. Ulaya tangu Julai 2021 gari jipya la umeme lazima litoe sauti likiwa mwendo mdogo, mpaka kilomita 20 kwa saa, lakini sheria ile ni ya magari, pikipiki haimo. Kwa hiyo kwenye pikipiki ya umeme kilichobaki ni wewe mwenyewe: ukiiona fimbo, punguza na unipe nafasi pana.

La mwisho kabla ya mazoezi ni maegesho. Nimesema fimbo inakagua chini. Kuanzia kiunoni kwenda juu hainilindi. Sasa lori likipaki juu ya njia ya miguu kwa kinyumenyume, fimbo inapita chini ya bodi haigusi kitu, tairi liko mbali ndani, na mimi naingia na uso kwenye chuma. Hili kovu la hapa juu ya jicho mnaloliona ndio hilo. Vioo vya pembeni vya basi vinafanya vivyo hivyo. Na ukipaki njia ya miguu yote, mimi nashuka kwenye lami kukuzunguka, nawapa mgongo wenzio.

Alafu msimtafute mwenye fimbo tu. Wenye uoni hafifu wengi hawana fimbo, ndugu zetu wenye ualbino wengi wao jua la mchana linawaumiza macho na gari la mbali hawalioni vizuri, na mwingine ana fimbo lakini utamuona anasoma simu ameisogeza puani. Msiseme anaigiza. Wengi wetu tuna uoni kidogo uliobaki, wa kusoma unaweza kuwepo na wa kuvukia barabara usiwepo.

Haya, nimekuja na vitambaa vinne na fimbo nne. Nataka watu wanne, wawili wa pikipiki, mmoja daladala, mmoja bajaji. Tunafunga macho, tunaenda pale ukingoni, hatuvuki, tunasimama tu dakika tano, na kila mmoja ananiambia ni magari mangapi yamepita na lipi limesimama. Nani anaanza?