Mbegu za nyasi kwa uwanja usio na umbo: kupima, kununua na kugawa

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu mlio mbele, shikamooni. Kwa kuwa wengi hapa ni mafundi bustani na wenye nyumba wanaojioteshea wenyewe, nitaingia moja kwa moja kwenye kazi.

Uwanja wetu wa mfano uko Ipuli, hapa Tabora, na nimeupima mwenyewe. Nyuma una ukuta ulionyooka wa mita 24. Mbele unafuata njia ya gari, nayo imepinda: uwanja unaanza na upana wa kawaida, unavimba katikati, halafu unachongoka mpaka njia inapougusa ukuta. Karibu na mwanzo kuna mwembe mkubwa. Mwenye nyumba anataka ukoka. Anauliza anunue mbegu kiasi gani.

Kuna njia tatu ambazo watu huzitumia, na zote zinampoteza. Wa kwanza anachukua urefu na kuuzidisha kwa upana mkubwa kuliko wote, mita 8.2. Anapata karibu mita za mraba 197. Wa pili anapima upana wa mwanzo, mita 5, na wa mwisho, sifuri, anatafuta wastani na kupata mita za mraba 60. Wa tatu anazunguka uwanja wote na futi kamba, anapata mzingo wa mita 56 hivi, anagawa kwa nne kana kwamba uwanja ni mraba, kisha anazidisha pande mbili. Naye anaangukia karibu 197. Huyu wa tatu ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu amefanya kazi kubwa ya kupima na anaamini jibu lake. Mzingo haukuambii eneo. Kamba ya mita 40 inaweza kuzungushia uwanja wa 10 kwa 10, ambao ni mita za mraba 100. Kamba hiyohiyo ukiivuta iwe 18 kwa 2, ndani yake zimebaki 36 tu.

Sasa tupime inavyotakiwa. Ukuta ulionyooka ndio mstari wetu wa msingi. Kama uwanja hauna ukuta, vuta uzi kati ya vigingi viwili, popote panapokufaa. Kwenye mstari huo weka alama kila mita 3, kuanzia sifuri mpaka 24. Kwenye kila alama pima upana kutoka ukutani hadi ukingo wa njia ya gari, na hapa ndipo nawaomba muwe wakali: futi kamba lazima itoke ukutani kwa pembe mraba. Ikilala upande, kila upana unaongezeka na eneo linavimba bila wewe kujua. Mafundi ujenzi mnaijua tatu-nne-tano, itumieni hapa. Pima mita 3 kwenye ukuta, mita 4 kwenye kamba inayotoka, na umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa 5, pembe yako iko sawa.

Vipimo vya Ipuli vilikuwa hivi, kwa mita: 5.0, 6.4, 7.6, 8.2, 7.8, 6.6, 5.2, 3.4, na mwisho 0. Chukua nusu ya cha kwanza na nusu ya cha mwisho, yaani 2.5 na 0. Vile saba vya katikati vijumlishe vyote kama vilivyo: 45.2. Jumla ni 47.7. Zidisha kwa umbali kati ya alama, mita 3, unapata mita za mraba 143.1.

Kwa nini nusu kwenye ncha? Kwa sababu kila upana wa katikati unahudumia vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, lakini wa mwanzo na wa mwisho unahudumia kimoja tu.

Ndugu mmoja ameuliza alama ziwe karibu kiasi gani. Kuna namna ya kujua bila kubahatisha. Ruka alama moja moja, ukokotoe upya kwa vipimo vya kila mita 6: 5.0, 7.6, 7.8, 5.2 na 0. Utapata 138.6. Tofauti na 143.1 ni mita za mraba 4.5, kama asilimia 3. Tukiongeza alama zaidi ya hapo, jibu halitasogea sana, kwa hiyo mita 3 zinatosha. Kama tofauti ingekuwa 20, ningewaambia mrudi uwanjani mweke alama kila mita moja na nusu, hasa pale ukingo unapopinda kwa ghafla.

Bado mwembe. Ukoka haupendi kivuli. Chini ya mwembe mzito utaota, utasinyaa, na baada ya muda mtabaki na udongo mtupu. Mkipanda huko mnatupa mbegu. Pale Ipuli tulikubaliana na mwenye nyumba kuacha duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.5 kuzunguka shina, apange mawe au aweke majani makavu. Duara hilo ni 3.14 mara 2.5 mara 2.5, yaani mita za mraba 19.6. Toa kwenye 143.1, zinabaki 123.5. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Dukani sasa. Kwa ukoka uliokobolewa ganda, kiwango cha kawaida ni gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Mimi huchukua 8 na huhesabu kwa mbegu hai, si kwa uzito wa mfuko. Gramu 8 mara 123.5 ni gramu 988. Lakini ndani ya mfuko kuna mbegu zilizokufa, makapi, na pengine mbegu za magugu. Soma lebo: usafi asilimia 95, uotaji asilimia 80. Zidisha 0.95 kwa 0.80, unapata 0.76. Gawa 988 kwa 0.76: gramu 1,300. Huo ndio uzito wa kununua.

Angalieni sana mbegu zilizopakwa rangi, za kijani au bluu. Zimevikwa koti, na mara nyingi nusu ya uzito ni koti lenyewe. Lebo yake itaonyesha usafi kama asilimia 47.5 hivi. Kwa uotaji uleule wa 80, hesabu inakuwa 988 gawa kwa 0.38, yaani gramu 2,600. Mtu akinunua gramu 1,300 za mbegu za koti akidhani ametosheka, atapata nyasi za madoa madoa, na atamlaumu muuzaji au mvua.

Mfuko usio na lebo, au uliokaa muda mrefu kwenye duka la bati lenye joto, upimeni wenyewe. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, zifunike, weka mahali pa joto, usiache kitambaa kikauke. Ukoka huchelewa, subirini hadi wiki tatu. Zilizoota ndizo asilimia yenu ya uotaji.

Kuna anayewaza: basi nimwage mara mbili nijihakikishie. Hapana. Kilo moja ya ukoka uliokobolewa ina mbegu karibu milioni nne. Gramu 8 kwenye mita ya mraba tayari ni mbegu kama elfu thelathini, tatu kwenye kila sentimita ya mraba. Ukizidisha hapo miche inasongamana, inakuwa myembamba, inagombania maji, na kuvu inaikata shingoni ikiwa bado michanga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wengi hawalifanyi, na linaharibu hata hesabu iliyo sahihi. Mtu ana gramu zake 1,300, uwanja una vipande vinane vya mita tatu tatu, basi anagawa mbegu mafungu manane sawa, kila fungu gramu 162. Tazameni kinachotokea. Kipande cha nne, kati ya upana wa 8.2 na 7.8, kina mita za mraba 24. Kinapata chini ya gramu 7 kwa kila mita. Kipande cha mwisho kilichochongoka kina mita za mraba 5.1 tu, kinapata karibu gramu 32. Katikati panakuwa na vipara na kwenye ncha miche inaoza kwa msongamano, ilhali mbegu zilizonunuliwa zilikuwa sahihi kabisa.

Dawa yake mnayo tayari kwenye karatasi ya vipimo. Jumlisha vipimo viwili vya upana vya kila kipande, gawa kwa mbili, zidisha kwa 3. Kisha zidisha kwa gramu 10.5, maana 1,300 gawa kwa 123.5 ni kama hiyo. Kipande cha nne kinapata gramu 252, cha mwisho 54. Vipande viwili vya kwanza vinakatwa na duara la mwembe, na shina liko karibu mita 3 toka mwanzo, kwa hiyo kila kimoja kinapoteza nusu ya duara: cha kwanza kinabaki na mita za mraba 7.3, cha pili 11.2. Pimeni kwa mizani, fungeni kila fungu na namba yake. Siku ya kupanda, changanyeni kila fungu na ndoo ya mchanga mkavu ili mkono uone unachomwaga, nusu mwage mkienda sambamba na ukuta, nusu mkikatisha. Sawazisheni kwa reki juu juu. Mbegu ikizama zaidi ya nusu sentimita hutoka kwa shida.

Mama yangu pale ameuliza kuhusu mabamba ya nyasi zilizoota tayari. Mabamba hayahitaji uotaji wala usafi, yanahitaji ziada ya kukatia. Uwanja wa pembe nne ongeza asilimia 5. Wenye kingo za kupinda na duara kama huu, asilimia 10. 123.5 inakuwa 136. Kama bamba ni sentimita 30 kwa 30, ni mita za mraba 0.09, gawa, mabamba 1,512. Pimeni bamba lenyewe kabla ya kulipa. Likiwa 28 kwa 28, mtapungukiwa mita za mraba zaidi ya 17.

Asiye na fedha ya mabamba akate vipande vidogo vya sentimita 5 kwa 5 na kuvipanda kila sentimita 20. Mita moja ya mraba ya nyasi inatoa vipande 400, na mita moja ya uwanja inakula 25. Kwa 123.5 ni vipande 3,088. Ongeza asilimia 10 vya kufa, karibu 3,400. Vinatoka kwenye mita za mraba 8.5 za nyasi. Kufunga uwanja kutachukua msimu, lakini wenye subira wataokoa pesa nyingi.

Swali la mwisho, lini? Kwetu Tabora mvua huanza kama Novemba. Mbegu msizimwage kwa mvua za kwanza zenye nguvu, maana kwenye udongo wetu wa kichanga maji huzikusanya zote kwenye bonde la uwanja, na hesabu ya vipande inafutika kwa usiku mmoja. Subirini mvua zitulie, na kama uwanja una mteremko, tandazeni nyasi kavu juu, nyembamba kiasi cha kuona udongo katikati yake.