Kabla ya kupanda Bisoke, jipime kwanza hapa Goma

Bandugu na badada, karibuni. Wengi mumeniuliza juu ya Nyiragongo. Mimi tangu ule mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 sijaupeleka mtu, kwa hiyo leo naongelea Bisoke, pale ng'ambo Rwanda, mita 3,711, na kule juu kuna ziwa ndani ya kreta.

Kitu cha kwanza ni saa. Pale Kinigi watu wanajiandikisha saa moja asubuhi, alafu gari inawapeleka mpaka pa kuanzia, kwa hiyo ukitoka Goma asubuhi hiyohiyo umeshachelewa, vuka mpaka siku moja kabla ulale Musanze. Haraka ya nini? Asubuhi mlima unakuwa wazi, lakini jua likishapasha yale mashamba ya chini, hewa yenye unyevu inapanda na kugeuka wingu, na mchana unaweza kufika kwenye kreta ukaona weupe tu, ziwa liko palepale chini yako na hulioni. Hata Julai, wakati wa kiangazi, inatokea.

Sasa tuhesabu. Usihesabu kilomita, zinadanganya, hesabu mita za kupanda. Pale unapanda zaidi ya mita 1,000, na mtu wa kawaida kwenye tope anapanda kama mita 300 kwa saa moja. Ukianza saa tatu, unafika karibu saa saba. Kushuka weka masaa mawili na nusu au matatu, magoti ndiyo yanalia hapo.

Basi jipime hapa nyumbani. Nenda Mont Goma na begi ya kilo tano, panda, shuka, rudia, telefone ikuhesabie mita za kupanda tu. Ukifikisha 300 ndani ya saa moja na bado unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, uko sawa. Binamu yangu anacheza mpira kila Jumapili, akaona hana haja ya kujipima. Saa ya kwanza alituacha wote nyuma, ya pili akakaa chini, ya tatu kichwa kikaanza kumuuma, akatapika. Nguvu za uwanjani ni za kukimbia na kupumzika, mlima unataka mwendo moja, polepole, tena kule juu hewa ni nyepesi. Kichwa pekee, pumzika unywe maji, lakini kichwa pamoja na kutapika ni kushuka, hakuna mjadala. Tulishuka naye, na niliumia sana kwa sababu mimi ndiye nilimwambia ataweza.

Baridi pia. Kila mita 1,000 joto linapungua kama digri sita, kwa hiyo Goma ikiwa 25, kule juu ni kama 12, na ukiwa umelowa jasho na upepo unapiga utatetemeka. Chukua koti ya mvua, na shati kavu uiweke ndani ya mfuko usioingiza maji, uivae ukifika juu, kabla hujapiga hata picha moja.