Hatta na Mudhari: Lini Lazima Kitenzi Kiwe Mansubu

Ndugu zangu, leo katika nahau ya Kiarabu sitakaa sana kwenye li na kay, kwa sababu zikileta maana ya kusudi, mudhari unaofuata, yaani kitenzi cha wakati wa sasa au ujao, ni mansubu, basi. Kazi iko kwa hatta.

Kwanza tukumbushane alama. "Yaktubu" ikiwa mansubu inakuwa "yaktuba", na "yaktubuuna" inadondosha nuni ikabaki "yaktubuu". "Yarmii" inapata fataha inayosikika, "yarmiya", lakini "yas'aa" haibadiliki masikioni. Nuni ya wanawake katika "yaktubna" haiguswi kabisa, ingawa mwanafunzi mwenye bidii hupenda kuifuta.

Sasa li. "Dhahabtu ila s-suuqi li-ashtariya khubzan", yaani nilikwenda sokoni ili ninunue mkate. Ipo li nyingine, ya amri, nayo hufanya kitenzi majzumu: "li-yaktub", na aandike. Ikitanguliwa na wa au fa, li ya amri kwa kawaida hupoteza kasra yake, "wal-yaktub", ilhali ya kusudi hubaki nayo: "wa li-yaktuba". Na ukitaka kukanusha, usiseme "li laa yaktuba". Hapo lazima an iliyojificha baada ya li itokeze, na vyote vitatu viungane kuwa "li'allaa yaktuba".

Kay ni nyepesi zaidi, kwani yenyewe hukubali laa moja kwa moja: "kaylaa", "likaylaa". Ila tazameni Surat Twaha, aya ya 40: "kay taqarra 'aynuhaa wa laa tahzana". Asiyeangalia vizuri huona "laa" akadhani ni katazo, akaweka sukuni. Sivyo. "Tahzana" imeunganishwa na "taqarra", na nguvu ya kay imezifikia zote mbili: ili jicho lake litulie na asihuzunike.

Tuje kwa hatta. Ina maana mbili zinazofanya kitenzi kuwa mansubu. Ya kwanza ni kusudi, kama "aslim hatta tadkhula l-jannata", silimu ili uingie peponi. Ya pili ni kikomo, "la-asiiranna hatta tatlu'a sh-shamsu", nitatembea mpaka jua lichomoze. Ukitazama, katika zote mbili tendo la baada ya hatta bado halijatokea. Hilo ndilo sharti lenyewe: likiwa la wakati ujao kwa msemaji, mansubu ni lazima, huna hiari.

Lakini sikilizeni hii: "marida Zaydun hatta laa yarjuunahu". Zaydi ameugua, hata hawana tena matumaini naye. Nuni imebaki, kitenzi ni marfuu, yaani kiko katika hali yake ya kawaida! Hapa kukata tamaa si kusudi wala si kikomo kinachosubiriwa. Ni hali iliyopo sasa, iliyozaliwa na ugonjwa. Wanahau huweka masharti matatu ili mudhari uwe marfuu: tendo liwe la sasa, au la zamani linalosimuliwa kana kwamba liko mbele ya macho; liwe tokeo la lililotangulia; na maneno ya kabla ya hatta yawe yamekamilika. Njia ya haraka ni kuweka fa mahali pa hatta. Maana ikisimama, marfuu inawezekana.

Tufanye mfano mmoja hadi mwisho. "Sirtu hatta adkhula l-madiinata": nilitembea ili niingie mjini, au mpaka niingie, na kuingia kunatazamwa kama jambo lililokuwa mbele ya safari. "Sirtu hatta adkhulu l-madiinata": nilitembea, na hivi sasa ndiyo naingia. Sasa kanusheni: "maa sirtu hatta adkhulahaa". Marfuu imekwisha, kwa kuwa safari isiyofanyika haiwezi kuzaa kuingia. Badilisheni tena: "sirtu hatta tatlu'a sh-shamsu". Hapa pia ni mansubu tu, maana jua halichomozi kwa sababu ya miguu yangu. Na "sayrii hatta adkhulahaa", kutembea kwangu ni mpaka niingie, ni mansubu kwa sababu "sayrii" bado inadai habari yake. Ukiikata kabla ya hatta, jumla haijakamilika. Kwa tukio lililokwisha kabisa, wengi huachana na mudhari na kusema "hatta dakhaltu". Madhi haina irabu ya kuhangaikia.

Hiyari hii imo katika Qurani yenyewe. Surat Al-Baqara, aya ya 214, wasomaji sita kati ya saba husoma "wa zulziluu hatta yaquula r-rasuulu", na Nafii husoma "yaquulu". Kwa mansubu, kauli ya Mtume inatazamwa kutoka kwenye mtikisiko, nayo ni ya mbele. Kwa marfuu, tukio linasimuliwa kana kwamba tunalishuhudia: wakatikiswa, hata Mtume anasema, "Lini itakuja nusura ya Mwenyezi Mungu?"